Mke Mwenza wa Saa Kumi

Chai ilikuwa imeshamiminwa.

Kwa mtu mwingine jambo hilo lingepita tu. Lakini Mwalimu Blandina alikuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka uani na makaa kwenye karai, akienda kuwasha jiko kwa ajili ya chai hiyohiyo ya saa kumi, akamkuta mumewe Clement mezani anapuliza kikombe. Sukari imekorogwa. Kijiko kimelazwa upande wa kushoto wa kisahani, kama anavyokilaza Blandina tangu waoane, miaka arobaini na moja sasa.

"Nani kakupa chai?"

Clement akamtazama juu ya miwani. "Si ni wewe, Mama Eveline."

Alisema harakaharaka, kisha akageukia dirisha, ambako ukungu wa Igowole ulikuwa umeshameza mparachichi na choo. Blandina akabaki na karai lake. Hapo ndipo harufu ikamfikia: marashi ya waridi, yale ambayo Clement alimnunulia Mbeya mwaka aliobatizwa mtoto wao. Chupa yake iliisha zamani hizo, mtoto hajaota hata meno.

Jamani, wivu! Mwanamke wa miaka sitini na sita, mstaafu, mzee wa kanisa, wivu ulimpanda mpaka masikio yakawaka moto. Kuna mwanamke humu ndani, alijiambia. Na anajua kijiko kinalazwa wapi.

Akaanza kumvizia. Mlango aliouacha wazi aliukuta umefungwa kwa komeo. Sufuria yake ya maharage ilitoweka kabisa. Kitenge chake kilikuwa kimekunjwa vizuri kuliko anavyokunja yeye. Clement akiulizwa anajibu, "Si ni wewe," na macho chini.

Alhamisi moja akawa bustanini anachuma figiri, ukungu umeshuka mpaka magotini, akasikia mumewe anacheka ndani ya nyumba. Si kile kicheko chake cha kumridhisha mgeni, ni kile cha ujanani, cha kukata pumzi. Na sauti ya mwanamke ikamjibu kwa chini, hasikii maneno ila anasikia utamu wake, na Blandina akaanza kutembea kuelekea mlangoni, na kadiri alivyotembea ndivyo mlango ulivyozidi kuwa mbali, na harufu ya waridi ikazidi kuwa nzito kana kwamba mtu anatembea mbele yake amejipaka, na ukungu ukamgusa shingoni kama kiganja chenye maji, mpaka alipoushika mlango na kuusukuma hakujua tena ni dakika ngapi zimepita wala figiri zake ameziacha wapi.

Clement alikuwa peke yake. Mezani vikombe viwili. Akakishika cha pili: cha moto.

"Nani alikuwa hapa?"

Mzee wa watu macho yakamjaa machozi.

Ni jini, Blandina akaamua. Jini mwanamke, kaingia kunichukulia mume. Mwingine angekimbilia kwa mganga siku hiyohiyo. Yeye alikuwa mwalimu kwa miaka thelathini na minane, na mwalimu akitaka kumjua mtoro hafungui mdomo, anafungua daftari la mahudhurio. Akachora safu mbili. Moja akaiandika *Yeye*, nyingine *Mimi*. Kila siku alama ya vyema kwa aliyekuwepo, duara kwa asiyekuwepo.

Baada ya wiki tatu akavaa miwani na kulisoma daftari. Kila siku *Yeye* alipowekewa vyema, *Mimi* alikuwa na duara. Hakuna hata siku moja walihudhuria wote wawili. Na mimi nilikuwa wapi? Hakumbuki. Akajilazimisha kuandika na mengine aliyokuwa anayafumbia macho: siku aliyotoka sokoni akajikuta katikati ya mashamba ya chai, hajui njia aliyoipita miaka yote. Kina mama wa kwaya waliomkumbusha kwa upole kwamba kisa hicho ameshakisimulia mara tatu. Jina la mjukuu lililokataa kuja.

Jini yupo au hayupo, alifikiri, kichwa changu kina lake.

Jumamosi akaitisha kikao. Binti yao Eveline alikuja kutoka Uyole anakouza viazi mviringo, na Sedekia, mdogo wake Clement, akaja amevaa koti la mazishi.

"Shemeji, kamwene," alisalimia Sedekia. "Mambo haya yana wenyewe. Kuna mtaalamu namjua, anafukiza siku tatu tu, jini linatoka linalia."

"Hakuna cha jini wala nini!" Clement alifoka. "Ni uzee. Kila mzee anasahau. Mwacheni mke wangu."

Kwa nini anakataa kwa nguvu hivyo? Wivu ukamchoma Blandina upya. Anamficha huyo wake. Lakini sauti yake ilitoka tulivu, ile ya kusubiri darasa linyamaze.

"Kusahau ulikoweka miwani ni uzee, Baba Eveline. Mimi nimesahau njia ya nyumbani." Akawasomea daftari lote, mstari kwa mstari. Alipomaliza, Eveline alikuwa analia. "Nataka kupimwa kumbukumbu. Daktari akikiona kichwa changu kizima, Sedekia, mlete mtaalamu wako, nitakaa mwenyewe chini ya shuka nifukizwe. Lakini hospitali kwanza."

"Na wakisema una wazimu?" Clement alinong'ona.

"Nitajua. Sasa hivi sijui, na kutojua ndiko kunakonimaliza."

Sedekia akavua kofia. Clement akatikisa kichwa kukubali, ila hakumwangalia mtu.

Hospitali, Mbeya, wakapokewa na Daktari Lutengano, kijana wa maneno machache. Alianza kwa kuomba dawa zote anazomeza, na Blandina akamimina mfuko mezani: za presha, na vile vidonge vya muwasho ambavyo amevizoea miaka mingi maana vinamletea usingizi. Daktari akavishika hivyo. "Hivi vinatia kichwa ukungu, hasa kwa mtu mzima. Tutaviacha." Akapima presha, akajaribu masikio, akahakikisha miwani anayo. Akauliza kuhusu usingizi, kuanguka, pombe, huzuni, kama bado ana hamu ya mambo anayoyapenda.

"Kuna vitu unaviona au kuvisikia ambavyo wengine hawavioni?"

Blandina akamsimulia yule mwanamke. Alitegemea kuchekwa. Daktari aliandika tu. "Inatokea," alisema. "Vizuri umeniambia."

Kisha, Clement akiwa ameshatolewa nje, akamtajia maneno matano, akamwambia ayarudie na ayatunze, atamuuliza baadaye. *Kinu. Mvua. Kanisa. Buluu. Daraja.* Kabla ya hapo alikuwa amemuuliza leo ni siku gani, na Clement, kwenye kiti cha nyuma, akawa amenong'ona, "Jumanne."

"Baba, utanisubiri nje," Daktari alikuwa amesema. "Na wewe nitakuita peke yako."

Blandina aliona aibu. Yeye, aliyewahi kuwanyang'anya watoto karatasi kwa kunong'onezana!

"Mwalimu, huu si mtihani wa darasa la saba. Hakuna kufaulu wala kufeli. Msomi anaweza kujifichia kwenye usomi wake, ndiyo maana nauliza na wa nyumbani."

Blandina akataja majina ya wanyama kwa dakika moja; baada ya kumi na mmoja akarudia mbuzi mara mbili. Akatoa saba kutoka mia, akaendelea vizuri. Akachora saa. Aliambiwa mishale ioneshe saa tano na dakika kumi, na ule mrefu akaupeleka kwenye namba kumi, akautazama, akajua kuna kitu si sawa na hakujua ni nini.

"Na yale maneno matano?"

Blandina akahesabu vidole vitano.

"Mvua," alisema hatimaye.

"Jingine ni jengo."

"Shule?"

Palipokuwa na yale maneno hapakuwa hata na pengo, palikuwa pamesawazishwa kama ubao uliofutwa. Machozi yalimtoka. Daktari akampa muda, kisha akaandika vipimo vya damu: sukari, figo, tezi ya shingo, vitamini B12, kaswende, virusi vya Ukimwi. Na picha ya kichwa, kuangalia kama kuna kiharusi, damu iliyovia au uvimbe. "Yapo yanayofanana na usahaulifu na yanatibika. Nataka kuyaondoa moja moja."

Clement aliingia peke yake, akakaa humo nusu saa. Alipotoka alimshika mkewe mkono, wakakaa kwenye benchi la korido.

"Chai nilikuwa napika mimi," alisema. "Mlango nafunga mimi. Sufuria uliiunguza, nikaizika nyuma ya mianzi. Nikawa nasema ni wewe ili usiogope. Nisamehe."

"Na yule mwanamke? Niliyemsikia unacheka naye?"

"Ni wewe, Blandina. Tunakaa, tunakunywa chai, tunacheka mpaka basi. Unatoka nje kidogo. Ukirudi unaniuliza nani alikuwa hapa."

Alipaswa kufarijika. Badala yake alimwonea huyo mwanamke wivu mkali kuliko mwanzo, maana ndiye aliyepata jioni zile zote, na yeye hana hata moja.

"Na marashi?"

"Marashi gani?" aliuliza Clement. Alikuwa anashangaa kweli.

Damu haikuonesha kitu, na picha haikuonesha kiharusi wala uvimbe. Aliacha vidonge vya muwasho, kichwa kikachangamka kidogo. Baada ya miezi mitatu wakarudi Mbeya, wakalala kwa Eveline Uyole usiku mmoja. Daktari akampima kwa maneno mapya, akakumbuka mawili. Hapo ndipo akawakalisha wote watatu, Eveline akiwemo.

"Ni mwanzo wa ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu. Si wazimu, si laana, si kosa la mtu. Dawa ya kuuponya haipo, ila tumewahi, na kuwahi ni jambo kubwa. Kila kitu kiwe na mahali pake. Tembea, kaa na watu. Mambo ya shamba na pensheni amua sasa, ukiwa unaweza kuamua mwenyewe. Na Baba, usimfiche tena. Nyinyi nyumbani nanyi mpumzike kwa zamu."

Blandina alitoka pale mwepesi. Jina limepatikana. Ndani ya basi alilala begani kwa mumewe, na wivu ukalala pia.

Walifika Igowole saa kumi, ukungu umetanda. Ufunguo ulikuwa mmoja tu, shingoni kwa Clement. Akafungua.

Harufu ya waridi ikawapokea mlangoni.

Mezani vikombe viwili vinafuka moshi, vijiko vimelazwa kushoto. Daftari la mahudhurio lilikuwa wazi katikati. Siku zote mbili walizokuwa Mbeya, *Mimi* duara, *Yeye* vyema, kwa mwandiko wa Blandina wa ubaoni.

Akamkamata mumewe mkono. "Baba Eveline. Unaisikia hiyo harufu?"

Clement alikuwa amevua kofia. Uso wake ulikuwa umelegea, umerudi ujanani. Safari hii aliisikia.

Kutoka jikoni, sauti ya Blandina, changa, isiyo na kikohozi, ikaanza kusoma polepole kama mwalimu anayetoa imla. Clement alikuwa nje siku ile Daktari alipoyataja maneno matano. Maneno yale waliyajua watu wawili tu, na mmoja wao alikuwa ameyasahau mpaka yalipotajwa sasa hivi.

"Kinu. Mvua. Kanisa. Buluu. Daraja."

"Yote matano," Clement alisema kwa upole, akitazama jikoni. "Safi sana, Mama Eveline."

Na mkono wake, ambao Blandina alikuwa ameubana kwa nguvu zake zote, ukaanza kuchomoka.