Mapipa Sabini na Mawili

Jumatatu, tarehe 24 Machi 1958, Eilif Nordanger hakurudi.

Saa moja asubuhi aliacha kiberiti chini ya benchi la kituo cha tramu, Bergen, Norwe. Ndani ya kiberiti mlikuwa na filamu ya Minox, kamera ndogo ya kijasusi, kila picha ndogo kuliko ukucha. Saa tatu alitakiwa kupiga simu kwenye ofisi ya ujasusi.

Simu haikulia.

Wiki ikapita. Jumanne, tarehe mosi Aprili, saa nne asubuhi, Mkuu Fasting aliweka faili la Eilif mezani kwa Gudrun, karani wa kumbukumbu.

"Lifunge," alisema. "Kabla ya Pasaka."

Gudrun alisoma neno lililoandikwa kwa penseli nyekundu juu ya jalada. *Msaliti.*

Eilif alikuwa mdogo wake, tumbo moja.

"Kwa ushahidi gani, Mkuu?"

"Muhtasari wa picha zake mwenyewe. Mapipa sabini na mawili ya samaki, yenye vipuri vya rada ndani, kwenye meli ya Havtern. Mtu wetu bandarini kayahesabu yale yaliyotengwa. Hayafiki hata kumi na tano. Na yapakiwe tarehe saba, Jumatatu ya Pasaka? Siku hiyo mji mzima uko milimani, na skii na machungwa yake!"

"Labda ndiyo sababu wameichagua."

"Au kuna mtu amelipwa atupeleke gatini siku isiyo na kitu." Fasting alivaa kofia. "Pole, Gudrun. Lakini lifunge."

Alitoka.

Gudrun hakulia. Alichukua pini.

Kazi ilikuwa ile ile: kubandika muhtasari juu ya picha zake na kupeleka kabatini. Lakini picha hizi alikuwa hajaziona. Fasting alizifungia siku ile ile Eilif alipopotea, akaachia ofisi karatasi ya chapa peke yake.

Picha ilikuwa moja tu ya maana. Ukurasa wa daftari la kupakia la ghala la Brattli. Mistari minne: idadi ya mapipa, meli, tarehe. Mstari wa nne ulikuwa na duara pembeni, alama ya mzigo haramu. Chini kabisa, jumla.

Muhtasari haukuwa na jumla. Ulipanga mizigo kwa meli, kila meli na aya yake. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kuijumlisha.

Gudrun alikuwa na mazoea yake. Alivuta mashine ya kuhesabia ya Odhner, akaingiza tarakimu za muhtasari, akizungusha mpini.

Ishirini na nne. Ishirini na sita. Thelathini. Sabini na mbili.

Mia moja hamsini na mbili.

Akatazama picha. Jumla ya mwenye ghala: tisini na mbili.

Akarudia. Ile ile.

Tofauti ni sitini.

Gudrun aliacha mpini. Sitini kamili, bila pipa moja la ziada. Basi kosa liko kwenye makumi, tarakimu moja imepanda kwa sita. Saba pahali pa moja.

Alichukua kioo cha kukuzia.

Sabini na mbili ilianza na kijiti kilichosimama, na mstari mrefu wa mshazari umepanda kutoka chini kukutana nacho kileleni. Kwa haraka, saba. Lakini juu ya ukurasa, kona ya kulia, palikuwa na namba ya ukurasa, mkono ule ule: hamsini na saba. Saba ile ilikatwa kiunoni kwa mstari mfupi, mweusi, wazi.

Mwenye ghala huyu hukata saba zake. Isiyokatwa ni moja.

Mapipa kumi na mawili.

Akajumlisha upya. Tisini na mbili.

Mtu wa bandarini hakukosea kuhesabu. Eilif hakudanganya.

Ni nani basi aliyeandika sabini na mbili?

Aliinuka na picha mkononi, akaenda chumba cha mashine za chapa. Borghild, mpiga chapa, alikuwa peke yake, anakunywa kahawa, skii zake zimeegemea ukutani.

"Borghild, nani alikuambia uandike hii saba?"

"Niambiwe na nani? Nimeisoma."

"Umeisoma, au umesomewa?"

Borghild alitua kikombe. "Unanishuku mimi? Mimi niliyechapa barua za watu wetu miaka mitano ya vita kule London, mabomu yanaanguka?"

"London walikufundisha kuandika moja vipi?"

"Kijiti. Kijiti kitupu, nani hajui? Chenye mkono ni saba."

"Na hii hapa juu, iliyokatwa?"

Borghild akainama juu ya kioo.

"Nilidhani mstari umefifia," alisema polepole. "Picha ina ukungu. Namba ya ukurasa huwa siichapi, sikuitazama. Gudrun... mwenye ghala huyu kasomea Hamburg. Wazee wa Hamburg ndivyo wanavyoandika moja yao."

Gudrun alimkazia macho. Uso ule ulikuwa wa aibu, au wa mtu anayejua kuigiza aibu. Hakuwa na wakati wa kuchagua.

"Tafuta saba nyingine," alisema. "Zote. Mstari wenye duara."

Kidole cha Borghild kilikwenda mpaka tarehe. Kikasimama.

Tarehe saba, mwezi wa nne.

Haikukatwa.

"Yesu wangu," alisema Borghild. "Ni moja. Leo."

Gudrun alishafika kwenye redio.

"Ottar. Jibu."

Sauti ya jasusi Ottar Rong ilikuja na mngurumo wa Volvo. "Niko njiani kwenda milimani, mama. Kuna nini?"

"Havtern inapakia leo. Mapipa kumi na mawili."

"Tarehe mosi Aprili, Gudrun. Siku ya wajinga. Unanitania?"

"Mdogo wangu hayupo wiki nzima. Unadhani nina utani?"

Tairi zililia.

"Inang'oa nanga saa ngapi?"

"Saa sita, kwa ratiba ya bandari."

Ilikuwa saa tano na robo.

Gudrun alishika kipaza sauti mkononi. Borghild alisimama mlangoni, hakuthubutu kukaa. Saa tano na nusu. Saa tano na dakika arobaini.

"Niko gatini," alisema Ottar. "Winchi inafanya kazi. Mapipa manane yamo ndani. Manne bado."

"Mwenye ghala?"

"Namwona. Ana daftari kwapani. Ngoja."

Redio ikakatika.

Ottar alishuka na Walther yake ndani ya koti. Alimpita mtu wa winchi, akamshika mwenye ghala kiwiko kama rafiki wa zamani.

"Zima winchi, mzee."

"Wewe nani?"

Ottar alimwonyesha mdomo wa bastola. Winchi ikazimika.

Akachukua shoka, akapasua kifuniko cha pipa. Chumvi. Samaki. Akazamisha mkono mpaka begani, akatoa kopo la bati lililochomelewa. Ndani, lampu za rada zimefungwa pamba.

Nahodha alikimbilia daraja la meli. Risasi moja ya Ottar ilivunja kioo mbele yake.

Akakaa chini.

Saa sita na nusu redio iliita.

"Kumi na mawili," alisema Ottar. "Kumi na mawili kamili, dada."

"Na Eilif?"

"Mwenye ghala kasema. Walimkamata Jumatatu ile ile, amerudi kupiga picha ukurasa wa pili. Walimsukuma kati ya meli na gati. Hakuwataja ninyi."

Gudrun alizima redio.

Fasting alirudi mchana, mweupe usoni. Alitaka kusema. Gudrun alimpa kifutio na faili. Alisimama akimtazama mpaka neno jekundu lilipotoka lote, kisha akavaa koti, akashuka ngazi bila kugeuka nyuma.

Bahari haijamrudisha Eilif.

Siku hizi kila muhtasari husomwa na watu wawili kabla ya kutoka ofisini. Borghild hushika karatasi ya chapa, Gudrun hushika picha, na husoma kwa sauti, tarakimu moja moja, mpaka jumla.