Video ya Kuaga Ambayo Watoto Hawakuonyeshwa

"Baba Dada, njoo shuleni sasa hivi. Usiniulize chochote kwenye simu."

Fundi alikuwa amepiga magoti nyuma ya friji la mteja, bisibisi mdomoni, simu ameibana begani. Akaitema bisibisi.

"Mwalimu, ameumia?"

"Hajaumia. Njoo tu."

Alikuwa fundi wa mafriji, na mtaa mzima ulimwita Fundi, mkewe naye akimwita hivyo hivyo. Dada alikuwa binti yake wa kwanza, miaka sita, darasa la kwanza. Baada yake alikuja Kifungo, mvulana wa miaka mitatu, aliyepewa jina hilo na mama yake, fundi cherehani, kwa sababu alizaliwa mdogo na wa mviringo. Mama huyo alikuwa ameondoka wiki saba zilizopita. Alikwenda nchi ya mbali kumtunza kikongwe asiyeweza kuinuka kitandani, kwa mkataba wa miaka mitatu, usio na likizo mpaka uishe.

Mwalimu alimpokea mlangoni, sura imekunjamana.

"Leo nimewauliza watoto kazi za wazazi wao. Binti yako kasimama, kasema mama yake anaogesha bibi mgonjwa huko mbali, na atarudi yeye akiwa darasa la nne."



"Wewe uliniambia mama yuko semina," mwalimu akaendelea. "Nami nikamwambia mtoto, mbele ya wenzake, kwamba anadanganya. Amejifungia chooni saa nzima. Sasa niambie, baba, mwongo ni nani?"

"Mimi," Fundi akasema. "Mtoto amesema kweli."

"Basi Jumatatu nitamwomba radhi darasani. Yako utajua mwenyewe."

Njiani Dada alitembea hatua mbili mbele, mkoba mgongoni, shingo ngumu. Fundi akajikaza.

"Nani alikuambia mambo ya miaka mitatu?"

"Mama."

"Lini? Mama aliondoka mkiwa mmelala."

"Nilimsikia akiongea na simu yake chumbani. Alikuwa anajirekodi. Akikosea anasema 'ah', anaanza upya. Akilia, anaanza upya." Dada hakugeuka. "Alisema baba atatuonyesha video, tukae naye tuangalie pamoja. Nikasubiri."

"Mbona hukuniuliza, mwanangu?"

"Ungesema semina."

Wakafika nyumbani.

Kifungo alikuwa mlangoni. Ilikuwa Ijumaa, na baba mtu alikuwa amewaambia kwamba semina za watu wazima huisha Ijumaa. Kwa hiyo kila Ijumaa mtoto alivaa viatu, kulia kushoto na kushoto kulia, akakaa kizingitini. Jirani aliyemtazama mchana alikuwa ameshachoka kumbembeleza.

"Mama kaja?" Kifungo akauliza.

"Bado," Fundi akajibu kwa mazoea.

Dada akatupa mkoba chini.

"Baba! Mwambie! Anafikiri mama kaondoka kwa sababu alivunja taa ya cherehani! Kila siku ananiambia tukinunua taa nyingine mama atarudi!"



Ukweli ni kwamba hakuwahi kuifungua ile video. Mkewe alimtumia akiwa uwanja wa ndege. Chini yake aliandika: "Fundi, nimerekodi ya watoto. Waonyeshe leo leo, mchana, mkiwa mmeshiba. Usiwadanganye, tafadhali. Mwishoni kuna yako, itazame peke yako." Lakini wawili hao walikuwa wamegombana wiki nzima. Karakana aliyoajiriwa ilikuwa imefungwa, naye alijiona ameshindwa uanaume mkewe alipokwenda kusaini mkataba. "Ukitoka mlango huo usiniage," alimwambia asubuhi ile, akageukia ukuta. Mkewe alisimama kidogo, kisha begi likasikika likiburutwa. Hakumsindikiza. Ujumbe ulipoingia aliuona, akaiweka simu kifudifudi. Atajua mwenyewe, alisema moyoni. Kesho ikawa kesho kutwa, na kadiri siku zilivyopita ndivyo ilivyokuwa vigumu kuufungua.

Sasa aliwakalisha watoto mkekani, akaichukua simu. Akabonyeza. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, kikasimama.

"Video hii haipatikani tena. Mwombe aliyeituma aitume upya."

Akabonyeza tena. Maneno yale yale. Simu yake ilipangwa isipakue video yenyewe, ili bando lisiishe, na mtandao ulikuwa umeihifadhi mwezi mmoja kisha ukaifuta.

"Imeharibika?" Dada akauliza.

"Imefutika. Nimechelewa kuifungua."

Dada alimtazama baba yake kama anayemtazama mtu mzima aliyekosea hesabu rahisi. Kisha akaenda kumvua Kifungo viatu.

Mkewe aliruhusiwa simu Jumamosi mchana tu, kikongwe akiwa amelala. Kesho yake, Jumamosi, Fundi hakungoja apigiwe.

"Fundi? Kuna nini? Watoto wazima?"

"Wazima. Mama Dada, ile video... nitumie tena."



"Kwa nini tena? Umewaonyesha mara ngapi?"

"Sijawaonyesha."

"Sema tena."

"Sikuifungua. Nilikuwa na hasira. Niliwaambia uko semina. Sasa imefutika."

Alisikia pumzi yake, fupi fupi, kama mtu anayepanda ngazi na mzigo.

"Kila Jumamosi nakuuliza wameipokeaje, unaniambia vizuri. Nakuambia niwekee watoto niongee nao, unasema wanacheza. Fundi, ulikuwa unanificha watoto wangu?"

"Niliogopa Dada ataniumbua."

"Mimi sina hiyo video! Nilipofika niliambiwa nipakue programu ya kazi, simu ikajaa. Nilifuta video kwa sababu niliona tiki mbili, nikajua imefika kwako. Kwako, Fundi!"

"Nisamehe."

"Unajua nilivyoitengeneza? Pale kwa wakala wa kazi walitupa mafunzo. Mama mmoja aliyerudi alitufundisha kuaga watoto. Alisema usitoroke usingizini bila kuwaachia neno, watakuwa wanaogopa kulala. Usiseme unarudi kesho, hawatakuamini tena. Vaa nguo wanayoijua, kaa chumba wanachokijua. Mtoto mkubwa mhesabie kwa madarasa. Mdogo hajui mwaka ni nini, yeye mwambie nani atamwogesha, nani atamkata kucha, nani atamfunika. Na uwaambie wazi kwamba hawakukosa kitu. Mama yule alisema mwanawe alikaa miaka miwili akiamini mama kaondoka kwa sababu alikojoa kitandani."

Fundi alifumba macho.

"Kifungo anafikiri ni taa ya cherehani," akasema.

Upande wa pili kilio kilitoka mara moja, kikazibwa kwa kiganja. Hakuruhusiwa kumwamsha kikongwe.

"Nilisema hiyo," mkewe akanong'ona. "Nilisema kabisa, taa si kitu, mama hajaondoka kwa ajili ya taa. Siku nne nilirekodi, Fundi. Niletee watoto. Sasa hivi. Na wewe ukae hapo hapo, usikimbie."

Aliwaita. Akageuza simu upande wa picha. Mama mtu alitokea na sare ya kijivu na kofia ya kufunika nywele, nyuma yake ukuta mweupe usio na kitu.

Dada alisogea haraka. Kifungo aliitazama ile sura, akajificha nyuma ya mgongo wa baba.

"Siyo mama," akasema.

"Ni mama, Kifungo. Ni nguo tu."

"Siyo. Mama yuko semina."

Mama mtu aliuma midomo. Akavua kofia. Mtoto hakutoka.

"Fundi," akasema taratibu. "Anza wewe. Ule uongo ulisema wewe, uondoe wewe."

Fundi alimvuta mwanawe mapajani.

"Kifungo, nisikilize. Baba alisema uongo. Mama hayuko semina. Mama yuko mbali, anafanya kazi ya kutunza bibi mgonjwa. Hatarudi Ijumaa. Hatarudi kwa siku nyingi sana. Hukukosa kitu. Taa ni taa tu."

"Mama hanitaki?"

"Nakutaka, kifungo changu," sauti ikatoka kwenye simu. "Nakutaka kila siku. Baba atakuogesha. Jirani atakufunika mchana, baba atakufunika usiku. Dada atakufundisha kuvaa viatu. Na mimi Jumamosi nitaongea nawe, wewe usipotaka kuongea nitakuangalia tu."

Hapo ndipo Kifungo alipolia. Wiki saba hakuwa amelia hivyo. Alilia kwa mwili mzima, miguu ikipiga mkeka, na Fundi, aliyewadanganya wanawe ili asikisikie kilio hicho, akakaa nacho mpaka mwisho, shati likalowa.

Dada alikuwa ameishika ile simu kwa mikono miwili.

"Mama, mimi nilisikia yote. Nimekariri. Unataka nikukumbushe?"

"Nikumbushe."

"Ulisema nisijifanye mama. Ulisema nikichoka nimwambie baba. Ulisema Kifungo ni wa baba, siyo wangu."

"Na umefanya hivyo?"

"Hapana," Dada akasema, na uso wake ukavunjika. "Baba alikuwa haambiliki."

Zilibaki dakika chache. Watoto walipokwenda kunawa uso, Fundi aliibakiza simu.

"Mwishoni kulikuwa na yangu," akasema. "Ulisema nini?"

"Dada hakusikia?"

"Nilimuuliza jana usiku. Ya kwangu hakusikia."

"Basi. Niliisema kwa sauti ndogo."

"Niambie sasa."

Mkewe aliitazama kamera, macho mekundu.

"Siwezi, Fundi. Yule aliyesema maneno yale alikuwa bado amekaa kitandani kwetu, anatumaini utaamka umsindikize. Huyu wa leo hana maneno yale."

"Utakuwa nayo tena?"

"Sijui. Tunza watoto. Usinidanganye tena hata kwa jambo dogo."

Kengele ililia upande wa pili, kikongwe ameamka. Picha ikakatika.

Wiki zilizofuata hazikuwa rahisi. Kifungo alikataa simu Jumamosi tatu mfululizo, ya nne akaja kuonyesha goti lililochubuka, akaondoka. Dada alirudi kuongea na baba yake, kwa ufupi, na siku moja akamwambia amechoka, naye Fundi akamtoa vyombo mikononi, akaviosha mwenyewe. Usiku Kifungo alikuwa akishtuka na kupapasa kama baba yupo. Baba alikuwepo.

Jumatano moja, mchana, nyumba ikiwa tupu, Fundi aliifunga milango, akakaa juu ya ndoo, akashika simu. Alijirekodi. Alikosea, akaanza upya. Mara ya sita ndiyo aliyoituma:

"Mke wangu, siku ile sikuamka. Sikukubebea begi. Uliondoka kama mtu aliyefukuzwa, na aliyekufukuza ni mimi. Naomba nikuage sasa, japo umeshafika zamani. Nenda salama. Nitawatunza. Nenda, mke wangu."

Tiki ilikaa moja siku tatu, simu yake ikiwa imefungiwa kabatini kwa mwajiri. Jumamosi mchana zikawa mbili, kisha zikageuka rangi, ishara kwamba amefungua. Fundi alisimama katikati ya chumba. Maandishi yakatokea, yakakoma, yakatokea tena.

"Nimekusikia," mkewe aliandika. "Nilikuwa nimekaa huku kama mtu aliyetoroka kwake. Leo ndiyo nimesafiri. Niitie watoto."