Vema Kumi na Tisa

Likizo ile, kila asubuhi nilifagia mbele ya duka letu, nikapanga mikate, kisha nikakaa nyuma ya kaunta mbele ya kompyuta kuukuu aliyoinunua Baba. Kando yangu palikuwa na vitabu vya risiti vya mwaka mzima.

"Ziingize zote," Baba aliniambia. "Nataka kujua pesa zinavujia wapi."

Kwa kweli alidhani anajua. Kila mwezi droo ilipungukiwa, na aliyeshika droo alikuwa shangazi yangu, dada yake mkubwa. Wiki tatu nyuma alimuuliza mbele ya wateja, "Dada, hizi pesa zinakwenda wapi?" Shangazi alivua aproni, akaikunja vizuri, akaondoka. Hakurudi tena.

Nilitengeneza jedwali: tarehe, bidhaa, idadi, bei ya kimoja, jumla iliyoandikwa, na jina la aliyepokea mzigo. Kwa kujionyesha tu, nikaongeza safu mbili. Moja ilizidisha idadi kwa bei. Nyingine ilitoa jibu hilo kwenye jumla ya risiti. Mistari mingi ilionyesha sifuri. Kisha ikatokea mia tano.

Nikadhani nimekosea kuandika. Nikaifungua risiti: katoni sita za sabuni, kila moja 14,300. Jibu ni 85,800, lakini risiti ilisema 86,300. Mbele kidogo nikakuta mia tano nyingine, halafu mia nane. Nikapanga jedwali kwa tofauti, kubwa ikitangulia. Risiti kumi na tisa zikapanda juu, zote za ghala moja, zote za Jumamosi. Kwenye safu ya aliyepokea, jina lilikuwa langu mwanzo hadi mwisho. Risiti alizopokea Shangazi hazikuzidi hata shilingi.

Duka letu lina utaratibu: anayepokea mzigo anazidisha kila mstari kwa kikokotoo, kisha anaweka alama ya vema. Jumamosi, siku nisiyokwenda shule, mzigo niliupokea mimi, huku wenzangu wakiruka kamba nje. Dereva wa ghala, tuliyemwita Mcheshi, alikuwa akiniambia, "Mhasibu wangu, weka vema twende zetu." Nami niliziweka zote kwa mkupuo bila kugusa kikokotoo, nikamtajia Shangazi jumla, naye akatoa pesa kwa kuniamini. Baba alipopiga hesabu zake kwa bei tulizokubaliana na ghala, droo ikaonekana pungufu.

Nilitaka kuifuta ile safu. Sioni raha kuyasema haya, lakini nilitaka. Siku mbili niliendelea kuingiza risiti nyingine bila kumwambia Baba.

Siku ya tatu Baba akasema, "Jumatatu anakuja mtu mwingine kushika droo."

"Baba, Shangazi hakuchukua kitu," nilisema. "Ni mimi. Niliweka vema bila kuhesabu."

Alichukua kikokotoo, akazidisha risiti zote kumi na tisa, moja moja. Alipomaliza alishika kichwa. Pesa zilizozidi zilikuwa elfu kumi na moja.

Tulikwenda ghalani siku ileile. Mwenye ghala, mama mmoja mwenye miwani, alitoa kitabu chenye nakala za kaboni. Bidhaa, idadi na bei zililingana na zetu. Jumla hazikulingana: kwenye ile risiti ya sabuni, nakala yake ilisema 85,800. Dereva, alipoandika juu ya kaboni, alikuwa akiacha nafasi ya jumla wazi. Akishachana karatasi yetu aliandika kubwa, na kwenye nakala akajaza ile sahihi baadaye, kisha akabaki na tofauti.

"Kumbe alikuwa akichagua siku ya mtoto," mama yule alisema. "Huyo nitamalizana naye. Pesa zenu nitazikata kwenye mzigo ujao."

Kutoka hapo tulikwenda kwa Shangazi. Alikuwa akianua nguo. Baba alisimama uani na kofia mkononi.

"Dada, nimekukosea. Nilikuaibisha mbele ya watu, na mbele yao hao nitakuomba radhi."

"Utaanza na yule jirani wa cherehani," Shangazi alisema. "Alinicheka sana."

Kisha akanigeukia. Nilipiga magoti, nikamweleza habari ya vema zangu.

"Inuka, mwanangu. Nimekusamehe, na Jumatatu nitarudi kazini." Alinipa nguo kavu nizikunje. "Lakini nisikilize. Vema ni neno lako. Ukiliweka bila kuangalia, umesema uongo hata kama hukufungua mdomo, na kuna mtu ataulipia. Zile elfu kumi na moja zitarudi. Wiki tatu nilizopita njiani nimeinamisha uso, hizo utazirudishaje?"

Nilikunja nguo zake zote, na swali lile ninalo hadi leo.