Kijiko Mara Tatu

Ko. Ko. Ko.

Kijiko kiligonga ubavu wa sufuria mara tatu, polepole, kikanyamaza kidogo, kisha kikagonga tena. Stima ilikuwa imepotea Machakos nzima na jenereta ya hospitali ilikuwa bado inakohoa huko nyuma. Katika giza hilo Sista Kasiva alikuwa ameinama kando ya kitanda cha mama mmoja mzee, tochi ya simu ameiegemeza kwenye mto, akihesabu matone ya dripu kwa saa yake ya mkononi. Alikuwa amefika kumi na tisa. Aliposikia kile kijiko, hesabu ikampotea.

Sauti ile ilitoka kwenye chumba cha chai, mwisho wa wodi. Na Kasiva aliamini kuwa duniani ni watu wawili tu walio hai wanaogonga sufuria hivyo. Mmoja ni yeye. Mwingine ni Ndambuki.

Walikutana na Ndambuki marikiti, mwaka mmoja na miezi minne iliyopita, asubuhi ya Jumatatu yenye watu wengi. Kasiva alikuwa ametoka zamu ya usiku, sweta jekundu juu ya yunifomu, macho mazito, akitafutia mtoto wake viatu vya shule. Akakanyaga gunia la mtu. Mwenye gunia alikuwa kijana mrefu mwenye shati la buluu lililojaa madoa ya moshi, anakaanga kahawa kwenye karai pana, anazigeuza buni kwa mwiko bila kuzitazama.

"Sista, unalala ukitembea," alimwambia. "Ngoja hapa. Zikianza kulia pa, pa, pa, nitakupikia kikombe kimoja. Ukilala tena baada ya hicho, mimi naacha hii kazi."

"Na nikikesha mchana wote?"

"Utanipigia simu unitukane. Hiyo pia ni kuongea."

Alimpigia, na hakumtukana. Baada ya mwezi Ndambuki alikuwa anakuja nyumbani kwake kila Jumamosi mchana na pakiti ya robo kilo, kahawa ya shamba lao la Iveti, imesagwa chenga nene kama mahindi ya kuparaza. Kavutha, binti wa Kasiva aliyekuwa na miaka minne wakati huo, alimkalia mapajani siku ya tatu tu. Jumapili hakuwahi kuja. Jumapili ni ya shamba, alisema, na Kasiva hakuuliza zaidi, kwa sababu mtu anayefanya kazi usiku hujifunza kuridhika na saa anazopewa.

Ni Ndambuki aliyemfundisha kugonga. Susu yake, mama wa baba yake, alipofuka macho uzeeni na bado alikuwa akipikia familia nzima kahawa alfajiri. Hakuweza kuona kama imetulia, kwa hivyo aliisikiliza. Kahawa ikiwa bado ina mapovu ndani, sufuria ukiigonga hutoa sauti nzito, kama debe lenye mchanga. Mapovu yakitoka na machicha yakishuka, sauti hupanda, inakuwa nyembamba na safi. Hapo ndipo unamimina. Susu alikuwa na sheria moja pia: anayepika hunywa wa mwisho.

"Hii sijawahi kuonyesha mtu," Ndambuki alimwambia siku hiyo, wamekaa sakafuni jikoni na mtoto katikati yao. "Ni ya hii nyumba."

Jenereta ilishika. Taa zikarudi. Kasiva akaanza kuhesabu matone upya, akarekebisha dripu, akamfunika yule mama miguu, akanawa mikono hadi kwenye kiwiko. Kisha akaenda kwenye chumba cha chai.

Usiku mwingine wowote, ni yeye angekuwa pale. Saa kumi na moja alfajiri ndiyo saa mbaya kwa muuguzi. Mwili unataka kulala na ndiyo saa ya kupima presha na joto la kila mgonjwa, kutoa dawa za saa kumi na mbili, kuandika ripoti ya kukabidhi wodi. Makosa ya usiku hutokea hapo. Ndiyo maana Kasiva alianzisha ile sufuria. Wanakunywa pamoja, mwanafunzi wa uuguzi akibaki na wagonjwa, na kikombe hakivuki mlango wa chumba cha chai. Lakini usiku huu ile dripu ilikuwa imemshika, akamwomba Wavinya apike.

Wavinya alikuwa na wiki mbili tu katika wodi hiyo. Alikuwa amehamishwa kutoka Kitui, msichana mwenye sauti ya chini na nywele zilizosukwa mistari midogo midogo, na alikuwa amefurahi kuhama kwa sababu mchumba wake ni mtu wa huku. Anaitwa Muli, mkulima. Mbuzi wa ntheo, wa posa ya Kikamba, walishapelekwa kwao Wamunyu mwezi wa nne, kwa hivyo kwa wazee yeye tayari ni mke wa mtu, imebaki kanisa. Kasiva alikuwa amempenda mara moja. Alikuwa amemsaidia kuchagua kitambaa cha gauni kwenye simu, usiku wa tatu, wakicheka kama wanafunzi.

Sasa alisimama mlangoni akamtazama akifanya kazi. Maji yalikuwa yameshachemka na sufuria imeondolewa kwenye meko ya gesi. Vijiko kumi vilivyojaa, kwa lita moja na nusu, vilikuwa vimekwisha kuingia. Utandu wa povu la kahawia uliokuwa umeganda juu ulikuwa umeshavunjwa kwa kukoroga mara moja. Wavinya akachota maji baridi, akayadondosha ukingoni vijiko vitatu ili machicha yazame. Akainamisha sikio. Akagonga. Ko. Sauti ilikuwa imepanda.

"Iko tayari," alisema, akatabasamu. "Nilikuwa naogopa nitakuharibia kahawa yako, sista."

"Nani alikufundisha kugonga?"

"Muli. Ati susu yake alikuwa haoni." Wavinya akacheka kidogo. "Aki usimwambie mtu. Ananiambia hii ni ya nyumba yetu."

Kasiva alichukua sufuria akaiinamisha. Alimimina polepole, bila kuitikisa, hadi alipoona weusi wa machicha unasogea. Kikombe cha Mama Hani kwanza. Huyo ndiye muuguzi mkubwa wa zamu, Msomali mwenye kitamba cha kijani kichwani, ambaye huweka tangawizi na sukari vijiko vitatu na kudai kuwa Wakamba hawajui kahawa. Kisha cha Wavinya. Kilichobaki, ambacho kwa sheria ni cha mpishi, alikichukua yeye, cha mwisho, kizito.

Mama Hani alionja, akasema leo imepikwa na mtu mwenye heshima. Halafu akamtazama Kasiva.

"Wewe unatafuna nini? Si hayo ni machicha?"

"Ni sawa, Mama Hani."

"Si sawa. Yameshika kwa meno."

Alikabidhi wodi saa moja na nusu bila kukosea hata kitanda kimoja. Nje ya geti, kando ya mama anayeuza mandazi, alipiga simu.

"Malaika wa usiku," Ndambuki aliitika. Kwa nyuma karai lilikuwa linalia. "Umeshalala au bado unatembea?"

"Jina lako la nyumbani ni nani?"

Karai liliendelea kulia. Hakuna mwiko uliosikika.

"Ndambuki, buni zako zitaungua. Jibu tu."

"Muli," alisema. "Ndambuki Muli. Kasiva, nisikilize mpenzi. Ni wazee walienda Wamunyu. Mimi nilikuwa nakutafutia wewe njia."

"Gauni lake nimelichagua mimi."

"Sikujua watampeleka kwa wodi yenu. Nipe muda, nitamwambia."

"Ulikuwa na mwaka na miezi minne," Kasiva alisema, akakata. Alinunua mandazi mawili ya Kavutha, akasahau chenji, mama wa mandazi akamkimbilia nayo.

Mchana huo hakulala. Kilichomuuma hakikuwa mapenzi peke yake. Mapenzi yalikuwa yamewahi kumkosea na akaamka kesho yake akaenda kazini. Ni kwamba alikuwa amemruhusu mtoto amzoee. Kavutha alikuwa amemwuliza juzi kama Jumapili moja wanaweza kwenda kwa shamba la Ndambuki, na yeye, mama mtu mzima, alikuwa amejibu ndiyo, karibu tu. Aliwaza pia kunyamaza. Akinyamaza, huenda Ndambuki angemwacha Wavinya kimyakimya, na Jumamosi ingerudi kama zamani. Aliliwaza jambo hilo kwa muda mrefu kuliko alivyotaka.

Usiku alimwambia Wavinya yote, katika chumba cha kubadilishia nguo, kabla ya kuvaa yunifomu. Alimwonyesha picha moja tu: shati la buluu, mtoto mapajani. Wavinya aliitazama mpaka simu ikazima yenyewe. Akasema Kasiva anataka kumharibia. Akasema wanawake wenye watoto ndio huwa hivi. Halafu akaenda kupima presha.

Kwa zamu tatu Wavinya hakunywa kahawa. Alikuja na chupa yake ya chai, akainywa amesimama dirishani, na Mama Hani, aliyekuwa ameelewa bila kuambiwa, alikaa katikati yao akisimulia bei ya ngamia.

Alfajiri ya nne Kasiva alikuta sufuria imeshawekwa maji. Kando yake kulikuwa na vikombe vitatu na pakiti mpya, ya dukani, isiyo na harufu ya moshi wowote.

"Nilienda marikiti," Wavinya alisema, mgongo ukiwa umegeuka. "Nilimuuliza mbele ya watu. Alianza kulia, sista. Nikamwachia yeye kulia." Akachota kijiko cha kahawa. "Mama amesema mbuzi wawili walishachinjwa. Watatafuta wengine, warudishe. Yale maneno nilikuambia..."

"Ulikuwa na uchungu."

"Nilikuwa nimejua ni kweli. Hiyo ndiyo sababu."

Walisimama wakingoja utandu upande. Hakuna aliyegonga. Wakaisubiri kwa saa ya ukutani, wakamimina.

Jumamosi, Ndambuki alikuja. Alikuwa amevaa koti la harusi za watu na pakiti iko mkononi, bado ina joto. Alisema mlangoni kwamba sasa yuko huru, kwamba anaweza kuja na wazee hata kesho, Jumapili, kwamba yeye ndiye alikuwa anampenda kweli.

"Naamini," Kasiva alisema. "Ulinipenda. Na ulimwambia maneno yale yale uliyoniambia, na kijiko kile kile."

"Mwambie mtoto nimekuja, basi."

"Mtoto nitamwambia mimi mwenyewe."

Ndambuki alimnyooshea pakiti. Harufu ya ile kahawa ilikuwa imeshaingia ndani ya nyumba, na Kasiva akajua ataikumbuka kwa muda mrefu. Alifunga mlango taratibu, kama anavyofunga wa wodi.

Jikoni, Kavutha alikuwa amepanda juu ya kiti. Sufuria ndogo ya kahawa ya dukani, waliyokuwa wameipika pamoja kabla ya mlango kugongwa, ilikuwa imepoa vya kutosha kushikwa. Mtoto aliigonga mara tatu kwa kijiko, akainamisha sikio, akangoja kwa uso wa mtu mzima. Ko. Kisha, kwa mikono miwili, akamimina kikombe kimoja, nusu yake juu ya meza, akakisukuma kwa mama yake.

Kasiva alisema anayepika hunywa wa mwisho, na aliyepika ni mama.

Kavutha akatikisa kichwa.

"Leo kunywa wewe kwanza, mama."