Kiulizo kwa Laila

Ilikuwa Jumapili ya soko, Kibuye imejaa watu na jua. Mimi na mjukuu wangu Shantel tunauza mapazia ya mitumba. Yeye hupanda kwenye stuli kuyatundika, mimi hukaa chini nikigombana na wanaotaka vya bure. Shule niliiona kwa dirisha tu, lakini herufi nazisoma, polepole, kama mtu anayechambua mchele.

Simu ya Shantel ikalia. Meseji ya Laila, binti ya jirani yangu Swaumu pale Kaloleni. Hao wawili walikua pamoja, wakilala kwetu leo, kesho kwao. Laila aliolewa na Idd, dereva wa lori, wakahamia Kisian. Mimba yake ilikuwa kubwa. Idd alikuwa safarini Busia.

"Dani, hebu ona huyu," Shantel akasema akicheka; Dani ni bibi kwa Kijaluo. "Ameanza tena."

Nikasoma: *shntl kchw mch sion mlng nj*.

Laila alikuwa na tabia hiyo, nisimsingizie. Mkono mmoja kwenye mwiko, mwingine kwenye simu, na herufi zinaanguka popote. Ndiyo maana Shantel hakushtuka. Akabonyeza kiulizo, ile alama ya kuuliza, moja tu, bila jina, bila salamu, akarudi kwenye stuli.

"Hilo ndilo jibu?" nikamuuliza.

"Inamaanisha sijaelewa, arudie. Kila mtu anafanya hivyo."

"Mtu akikuita mlangoni, wewe unamwinulia kidevu?"

"Dani, hii ni simu. Si baraza."

"Mpigie. Au mwambie neno lililokushinda. Au mwambie atume sauti, mdomo hauna herufi za kukosea. Hicho kidude chako kinamwambia kazi yote ni yake."

Akaja mteja wa pazia la kijani, mwanamke mbishi, nami nikageukia ubishi. Baadaye Shantel aliniambia tiki ziligeuka bluu papo hapo. Laila alikuwa amekisoma kile kiulizo. Chini ya jina lake pakaandikwa *anaandika*. Pakakoma. Pakaandikwa tena. Pakakoma. Mchana kutwa. Shantel akasema moyoni, atamaliza.

Hakumaliza.

Jioni Swaumu alipigiwa simu kutoka Kisian. Presha ya mimba ilikuwa imempanda Laila, macho yakaingia ukungu, vidole vimevimba. Hospitalini hawakumwokoa, yeye wala mtoto. Jirani yake wa kule Kisian alikuwa amepita nje ya nyumba mchana na mzigo wa kuni. Alimwona ameketi mlangoni, ameinamia simu, simu karibu iguse pua. "Nikadhani anachat," alituambia matangani, akilia. "Nikapita. Sikutaka kumsumbua."

Shantel alikuwa ameketi kando yangu kwenye mkeka. Mtu mwenye nguvu za kupiga kelele mara moja alizimaliza akitafuta herufi, kwa sababu rafiki yake alimwambia arudie.

Walimzika siku iliyofuata, baada ya adhuhuri. Wanaume walipolibeba jeneza, sisi wanawake tukabaki ndani. Swaumu akamkumbatia Shantel, akamwambia mbele ya watu wote, "Wewe ndiye ulikuwa dada yake." Shantel akainamisha kichwa. Kisha nikamwona anaingiza mkono kwenye leso. Akatoa simu. Akabonyeza kile kiulizo, akakishikilia kwa kidole.

Futa kwa wote.

Aliogopa Idd asije akakiona kwenye simu ya Laila. Nilimwona, nikamfinya paja. Hakugeuka. Aibu hiyo haikuwa yake peke yake, ilikuwa ya nyumba yangu nzima.

Mambo yakaanza sokoni, mchana kweupe.

Shantel alikuwa kwenye stuli. Akashuka mbio, akanipa simu bila neno. Kwenye mazungumzo palibaki ile meseji ya Laila, na chini yake maneno kwamba ujumbe umefutwa. Lakini juu, chini ya jina, palikuwa na neno moja.

*Anaandika*.

"Ni Idd," nikasema.

Pakakoma. Pakaandikwa tena.

Siku zikafuatana hivyo. Shantel akizima simu, akiwasha, neno liko. Akaacha kula. Akaacha kujibu watu, hata wateja. Mtu akimwuliza bei, anaangalia chini. Halafu pazia moja jeupe, lililotundikwa nyuma kabisa, likaanza kujaa na kulegea. Kujaa na kulegea. Upepo haukuwepo. Mengine yote yalikuwa yametulia.

Mimi si mtu wa mapepo. Nikasimama nikalishika.

Lilikuwa na joto la mdomo.

Nyuma yake mtu akanong'ona, taratibu, kama anayeona haya kuuliza mara ya pili.

"Uliniuliza nini?"

Shantel aliisikia ile sauti. Nilijua kwa mkojo uliolowesha stuli.

Sikutafuta mganga. "Ulimwuliza mtu swali," nikamwambia, "akaenda nalo akihangaika kulijibu. Halafu ukaliiba swali lenyewe. Atajibu nini sasa? Twende kwa Idd."

"Dani, siwezi."

"Utaweza. Aibu haiui. Uvivu ndio tumeuona ukiua."

Idd tulimkuta Kisian, amekonda, ameketi palepale mlangoni. Shantel akapiga magoti, akasema yote: kiulizo, tiki za bluu, kufuta, mpaka lile neno *anaandika*. Sauti yake ilikuwa ndogo mpaka nikamwambia arudie, na yeye akarudia.

Idd aligeuka akatazama ndani ya nyumba. Kisha akasema, "Simu yake iliishiwa chaji siku ile ile. Iko kabatini. Hakuna aliyeigusa."

Shantel akanitazama.

Idd akaileta, akaichomeka kwenye chaji. Tukangoja. Ikawaka. Akafungua mazungumzo, na pale palikuwa na kiulizo. Kidogo, cheusi, peke yake chini ya zile herufi zilizopondeka. Idd akakiangalia. Network ikaingia, na mbele ya macho yetu watatu kikatoweka. *Ujumbe huu ulifutwa*.

Kuambiwa ni kitu kimoja. Idd alikiona kikifutwa. Shantel akafunika uso kwa mikono.

"Kuna maneno hapa," Idd akanong'ona.

Kwenye sehemu ya kuandikia, chini kabisa, palikuwa na ujumbe ambao haujatumwa. Si zile herufi za kuanguka. Ulikuwa umenyooka. Idd akashindwa kuusoma, akanipa mimi. Nikausoma, polepole.

*Salaam Shantel. Samahani nimechelewa, nilikuwa nakujibu. Mbona umefuta mama akiwa amekukumbatia?*

Idd hakugomba. Angegomba ingekuwa afadhali. Aliizima simu, akaifunga kwa kitambaa cha marehemu, akasema, "Mjibu."

Shantel akaandika palepale kwenye simu yake. Alianza na salamu. Akamwita kwa jina. Akamwambia neno kwa neno alichopaswa kumwambia Jumapili: nimeona kichwa, nimeona macho, nimeona mlango, uko peke yako? Nakupigia sasa hivi. Halafu akaomba msamaha, akatuma.

Tiki ikawa moja. Ndiyo sawa, simu ikizimwa meseji haifiki.

Idd aliirudisha ile simu kabatini, haijawashwa tena. Shantel amerudi sokoni. Mtu akimtumia kitu kisichoeleweka, anapiga, hata kama ni mpuuzi. Pazia jeupe sikuliuza, nililichoma.

Jana aliniletea simu yake nione. Ule ujumbe wake uko palepale, tiki ni moja, haujamfikia mtu yeyote.

Na juu yake, chini ya jina la Laila, anaandika.