Kodiani Iliyotoka Mlango wa Nyuma

Jumapili asubuhi, watu wa San Eladio, mji wetu ulio mpakani na Mexico, wakiwa bado kanisani, Don Librado Treviño aliingia ukumbi wa dansi kuchukua kodiani yake akakuta sanduku tupu. Bawaba zilikuwa nzima. Kufuli lilikuwa limefunguliwa kwa ufunguo, si kwa nyundo. Mzee alikaa kwenye ukingo wa jukwaa, mikono yake iliyopindwa na baridi yabisi ikiwa mapajani, hadi mwenye ukumbi, Curtis Voss, alipotokea na kumpigia simu sherifu.

Huo ulikuwa mwaka wa hamsini na saba, siku ambazo Jumamosi hakuna mtu upande wetu wa mto aliyelala mapema. Wachuma pamba walifika wamepiga pasi mashati, akina mama waliketi kwenye mabenchi ya ukutani wakiwalinda binti zao, na mpiga kodiani akimaliza wimbo mmoja watu walimpigia kelele: "Éxito! Tupe éxito!" Maana yake kibao, wimbo ule uliotamba redioni. Ukumbi wenyewe siku hizi unauza matairi. Nikipita pale bado masikio yangu husubiri kitu.

Naibu wa sherifu, Amadeo Quiroga, hakuwapo siku hiyo. Alikuwa Laredo kwenye ubatizo wa mtoto wa dada yake. Aliporudi Jumatatu kabla ya saa sita, alikuta kesi imekwisha.

"Umechelewa, Amadeo," sherifu Wendell Pruitt alimwambia, miguu ikiwa mezani. "Mwizi yuko ndani. Fidencio Lerma, yule mwanafunzi wa mzee. Kesho basi la uhamiaji linapita hapa, linamvusha mto kumrudisha Mexico, tunapumzika."

"Fidencio? Ana mtoto wa miezi miwili, bosi. Mke wake Herlinda amezaliwa hapa hapa."

"Basi mke atabaki hapa hapa."

Quiroga alivua kofia. "Nani alitafsiri?"

"Mimi mwenyewe. Unadhani miaka ishirini ya kuagiza chakula kwa Kihispania ni bure?"

"Umemshikia nini?"

Sherifu alihesabu kwa vidole. Kwanza, ufunguo: wenye ufunguo wa sanduku walikuwa mzee na Fidencio, na mwingine ulitundikwa msumarini ofisini kwa Voss. Pili, uongo. Fidencio alidai kwamba baada ya dansi alikwenda kulala kwa wazazi wake huko Los Olmos, mwendo wa saa nzima kwa gari. "Nikauliza mjini. Wazazi wake wamekufa tangu akiwa mdogo! Mtu anayelala makaburini, Amadeo, huyo ana jambo." Tatu, alikiri. Voss alimkuta Jumapili asubuhi nje ya ukumbi, na kijana akamwambia kwa kinywa chake kwamba ameiba.

"Na mzee alisema nini?"

"Hakuna cha maana. Eti Ijumaa yeye na Curtis walikaa wakajadiliana kuhusu kodiani. Maongezi tu."

Quiroga alichukua funguo za mahabusu ukutani.

Fidencio alikuwa kijana mwembamba kutoka Nuevo León, upande wa Mexico, ana miaka ishirini na minne, vidole virefu kama vya mtu aliyezaliwa kushika vitufe. Aliinuka alipoona sura ya mtu wa kwao.

"Don Amadeo, sijaiba. Nakuapia kwa mwanangu."

"Acha kiapo kwanza. Jumamosi ulilala wapi?"

"Los Olmos, kwa *parientes*. Shangazi Petra na wanawe. Herlinda alikuwa kwa mama yake na mtoto. Nilimwambia sherifu hivyo hivyo."

"Ulitumia neno hilo? *Parientes*?"

"Nitumie lipi tena? Si ni jamaa zangu?"

Quiroga alishusha pumzi. Kwa Kihispania neno hilo ni jamaa: shangazi, binamu, mjomba, yeyote wa damu. Kwa Kiingereza kuna neno linalofanana nalo sana, *parents*, nalo ni baba na mama basi. Sherifu alisikia sauti anayoijua akaipa maana ya kwao, na yatima akageuka mwongo.

"Shangazi yako ana simu?"

"Duka la jirani lina simu."

Nusu saa baadaye Shangazi Petra alikuwa akipiga kelele kwenye simu hiyo kiasi kwamba Quiroga alilazimika kuisogeza mbali na sikio. Ndiyo, Fidencio alilala kwake! Alikula tamale saba! Mwenye duka alimwona akinywa kahawa kibarazani asubuhi! Na huyo sherifu akitaka kujua zaidi, aje amuulize yeye ana kwa ana, kama ni mwanamume.

"Sawa, hilo limeanguka," sherifu alikubali kwa shingo upande. "Lakini angeweza kuiba kabla ya kwenda Los Olmos. Na alikiri."

"Ndiyo. Alikiri," Quiroga alisema. "Ngoja kwanza nimwone mzee."

Don Librado alikuwa uani kwake, akiambua maganda ya mahindi polepole kwa mikono ile iliyokataa kunyooka.

"Don Librado, sherifu anasema Ijumaa wewe na Voss mlikuwa na maongezi."

Mzee alicheka bila furaha. "Maongezi? Nilimwambia *discutimos*. Nusura tushikane mashati, mwanangu! Alinipigia meza. Aliniita mzee mroho. Hayo ni maongezi huko kwao?"

"Kwao neno linalofanana nalo, *discuss*, ni kujadiliana. Hata wakiwa wanakunywa chai."

"Ala! Kwetu ni kugombana."

"Ndiyo maana sherifu hakuuliza zaidi. Mligombania nini?"

Mzee aliweka mahindi chini. "Ile kodiani ilikuwa ya baba yake. Hukujua? Wajerumani kama kina Voss ndio walioleta vinanda hivi huku. Mzee Voss alikuwa akipiga walsi, dansi za kwao, kwenye ghala lake, nami nikiwa kibarua, nasimama mlangoni nikisikiliza mpaka ananiita ndani. Alipokufa nilimpigia kaburini. Mjane wake akaniwekea kodiani mikononi, akasema, hii ikikaa humu ndani itanyamaza. Miaka ishirini na minane nimeipiga. Sasa vidole vimekataa, nikasema Jumamosi ijayo nampa Fidencio mbele ya watu wote. Curtis aliposikia, akaja juu."

"Akasema irudi kwao?"

"Alisema haiendi kwa mtu aliyevuka mto juzi."

Kutoka hapo Quiroga alipita ukumbini. Mlango wa mbele ulikuwa na komeo la ndani. Wa nyuma ndio uliofungwa kwa ufunguo kwa nje, kwa hiyo mwizi alitokea hapo. Juu ya huo wa nyuma Voss alikuwa ametundika bango dogo jekundu lenye neno la Kiingereza la mlango wa kutokea: EXIT. Quiroga alisimama chini yake kitambo, kisha akamwomba Voss aje ofisini alasiri.

Voss alikuja amenyoa, akakaa, akakunja nne. Don Librado alikuwa pembeni kwenye benchi. Fidencio alisimama nyuma ya nondo.

"Bwana Voss," Quiroga alianza, "nataka tu kuweka kumbukumbu sawa kabla ya basi la kesho. Kijana alikiri kwa lugha gani?"

"Kihispania. Anajua nyingine?"

"Na wewe unakijua?"

"Cha baa. Lakini nina sikio, nimekaa na bendi miaka kumi na tano. Nilikariri kama kasuku, neno kwa neno, nikamwambia Wendell."

"Si tafsiri yako, basi. Ni maneno yake."

"Yake yenyewe. Naweza kuapa."

"Yarudie."

Voss aliyarudia bila kusita: kwamba alichukua kodiani, kisha, "*Salí por el éxito*." Akanyoosha kidole gumba nyuma ya bega. "Alitoka mlango wa nyuma."

Don Librado aliangua kicheko kilichogeuka kikohozi. Nyuma ya nondo Fidencio alikuwa ametoa macho.

"Nilitoka kwa *nini*?" kijana aliuliza.

"Kuna nini cha kuchekesha?" sherifu alifoka.

"Bosi," Quiroga alisema taratibu, "huyu anasema kijana aliiba kodiani akatokea kwenye wimbo uliotamba."

"Nini?"

"*Éxito* kwetu ni mafanikio. Ni kibao. Kila Jumamosi watu humpigia Fidencio kelele kwa neno hilo, ndilo linalomlisha. Mlango wa kutokea tunauita *salida*, mtoto wa miaka mitatu anajua. Neno la Kihispania na lile la bango jekundu ni ndugu, walizaliwa nyumba moja, Kilatini, wakaachana zamani sana. Sasa kila mmoja ana kazi yake."

"Nyie wa mpakani mnachanganya lugha kila siku!" Voss alisema. "Zulia mnaliita *carpeta*. Nimewasikia!"

"Kweli kabisa, na huko Mexico *carpeta* ni jalada la karatasi, wanatucheka. Tumeazima *carpet* yenu kwa sababu zulia tulilikuta madukani kwenu. Lakini mlango tulikuwa nao, Bwana Voss. Na huyu hajakaa huku hata miaka miwili, Kiingereza chake ni salamu. Kosa hili hufanywa na mtu anayefikiri kwa Kiingereza, akalitafuta neno la Kihispania, likamjia linalofanana."

"Basi nilisikia vibaya."

"Umesema sasa hivi ni neno kwa neno. Kasuku haongezi lake. Isitoshe, Jumapili asubuhi kijana alikuwa kibarazani Los Olmos akinywa kahawa. Alikiri kwako saa ngapi?"

Sherifu aliteremsha miguu mezani. "Curtis," alisema, kwa sauti ya mtu anayezungumza na rafiki wa utotoni, "nikienda nyumbani kwako sasa, nitakuta nini?"

Voss alitazama sakafu. "Kwenye kasha la mama," alisema. "Nimeifunga blanketi. Haina hata mkwaruzo."

"Kwa nini hukuniomba?" Don Librado aliuliza.

"Nilikuomba Ijumaa!"

"Ulinipigia meza."

"Baba alikuwa akipiga walsi moja kila tukimaliza mavuno," Voss alisema, macho yamelowa. "Mimi sikujifunza. Kila ulipoigusa ile kodiani nilimsikia. Ungempa huyu, angeipiga mambo ya kwao, na baba angekwisha kabisa."

Mzee aliinuka kwa shida. "Walsi ile nilimfundisha Fidencio mwezi wake wa kwanza kwangu, kabla ya kitu kingine chochote. Ungekaa ukumbini badala ya kujifungia ofisini ungeisikia." Alimtazama Voss kwa huzuni zaidi kuliko hasira. "Kodiani ningekusamehe, Curtis. Hata leo. Lakini ulikuwa unamtenganisha mtu na mtoto wake, kesho asubuhi, ukiwa umekunja nne hivyo. Hilo si la kwangu kusamehe. Bwana sherifu, fanya kazi yako."

Sherifu alifungua mahabusu mwenyewe. Fidencio akatoka, Voss akaingia, na kwa sekunde moja walipishana mlangoni bila kutazamana.

Nje Herlinda alikuwa amesimama juani na mtoto begani. Alikuwa hapo tangu asubuhi. Fidencio alimpokea mtoto, akamgeukia Quiroga.

"Don Amadeo, niambie, nisije nikarudia. Nilikosea neno gani?"

"Hakuna. Ulisema sawasawa yote."

"Sasa mbona nilifungwa?"

Quiroga alitaka kueleza, akaona kijana ananusa kichwa cha mtoto na wala hamsikilizi tena.

"Nenda kale," alimwambia.