Usihangaike Kujibu

Ijumaa saa saba mchana soko la Kakamega lilikuwa limejaa, na mawingu yalikuwa yameanza kutisha. Mvua ya Kakamega haitishangi bure. Nanjala alikuwa kibandani kwake, futi shingoni, blauzi ya manjano, mguu kwenye cherehani, alipoingia mama mmoja mnene mwenye kitambaa cha kijani kwapani.

"Wewe msichana, nipime upesi. Huyu kijana wangu ataniacha hapa ninyeshewe."

"Mama, mimi sijasema kitu!" akalalamika kijana aliyesimama mlangoni. Alikuwa mrefu, shati lake la samawati lina vitundu vya cheche. Huyo ni Bramwel, mwalimu wa kuchomelea vyuma katika chuo kimoja cha ufundi huko Lurambi. Mama yake, Maximilla, alikuwa amekuja kutoka Musanda kumtembelea.

Nanjala akapima. Bramwel akaandika nambari yake ya simu kwenye daftari la wateja, kisha akaiandika tena kwenye ukurasa uliofuata.

"Mara mbili ya nini?" Nanjala akauliza.

"Kama ule ukurasa utapotea."

Gauni moja halina mambo mengi ya kuulizwa, lakini wiki hiyo Bramwel alipiga mara nne ile nambari ya simu iliyochorwa mlangoni pa kibanda.

"Fundi, gauni limeisha?"

"Bado vifungo. Jana si nilikuambia?"

"Nilitaka kujua kama vifungo vinaendelea vizuri."

"Vinakusalimia. Kwaheri, mwalimu!" Akakata simu huku anacheka, na Jerotich, muuza viatu wa kibanda cha jirani, akapiga makofi.

Mama Maximilla alipokuja kulichukua, Bramwel alibaki nje na pikipiki. Mama akaliridhia mno gauni lake, akaacha kitambaa kingine, cha rangi ya damu ya mzee, ashonewe la Desemba. Basi. Hayo ndiyo yote waliyokuwa nayo hawa wawili: simu nne, gauni moja, na la pili njiani. Hata chai hawajanywa pamoja.

Wiki tatu baadaye, Jumatatu, Jerotich akamwonyesha Nanjala picha iliyokuwa ikizunguka kwenye simu. Ilikuwa ya Maximilla, ndani ya gauni la kijani. Chini yake tarehe ya mazishi.

Nanjala aliketi. Alimlilia mtu aliyemwona mara mbili, na hakuona aibu.

"Mtumie rambirambi," Jerotich akasema. "Mimi ninayo moja hapa nzuri, ina mishumaa na njiwa. Nilitumia watu sita mwaka huu."

"Hiyo hapana."

"Basi andika yako, lakini fupi. Mtu wa matanga hasomi barua."

Nanjala akaandika: Najua unavyojisikia. Akafuta. Mama yake mwenyewe alikuwa hai kule Mayoni, tena jana walikuwa wamegombana kwa simu. Angejua nini? Akaandika: Mama yuko mahali pema, Mungu alimpenda zaidi. Akafuta hiyo pia, maana mtoto aliyefiwa angeuliza, kwani mimi sikumpenda? Akaandika: Ukihitaji chochote niambie. Hapo alifikiri kidogo. Bramwel angehitaji nini kwa fundi wa nguo? Ilikuwa ni kumpa kazi ya kutafuta jibu.

"Muulize aliugua nini," Jerotich akashauri.

"Wewe! Ameulizwa hivyo na wangapi tangu asubuhi?"

"Basi mwambie kuhusu lile gauni lingine. Liko tayari, si ndiyo?"

Lilikuwa tayari, limetundikwa nyuma ya cherehani. Nanjala akalitazama, akatikisa kichwa. Rambirambi yenye mzigo wa dukani ingekuwa biashara. Gauni lingengoja.

Saa nzima ilipita kabla hajatuma hii:

"Bramwel, ni Nanjala, fundi wa nguo wa sokoni Kakamega. Nimesikia leo kwamba mama amefariki. Pole sana. Nilimwona mara mbili tu. Siku aliyochukua gauni la kijani alizunguka mara mbili mbele ya kioo, akacheka peke yake. Nilimpenda. Ninakuombea wewe na watu wa nyumbani. Usihangaike kujibu."

Jina lake aliliweka mwanzo, ili mtu aliyefiwa asitaabike kukisia ni nani. Na yale ya mwisho aliyamaanisha.

Dakika mbili tu, jibu likaingia.

"Asanteni nyote kwa rambirambi zenu. Mazishi ni Jumamosi saa nne, nyumbani Musanda. Karibuni."

Nanjala akalisoma mara tatu. Asanteni nyote! Alijua hakuomba kujibiwa, lakini kujibiwa kama kijiji kizima kulimuuma. Hakwenda Musanda. Alijiuliza angekaa upande gani, na angesema yeye ni nani wa nani.

Jumanne baada ya mazishi moyo ulimshinda, akapiga simu mchana. Ikapokelewa na mwanamke.

"Simu ya Bramwel."

"Naomba... naweza kuongea naye?"

"Amelala. Nimeshika simu mimi. Wewe ni nani?"

Nanjala akakata. "Ana mke," akamwambia Jerotich. "Ana mke na mimi nahesabu vifungo!" Akaifungia ile nambari isiweze kumpata tena, akapiga pasi nguo za watu kwa hasira hadi akaunguza kola moja.

Siku kumi zikapita. Ijumaa, mvua ikiwa imeanza kudondoka, Bramwel akasimama mlangoni. Alikuwa amekonda, amenyoa nywele zote.

"Fundi."

"Karibu. Pole kwa msiba," Nanjala akasema bila kuinua macho. "Mke wako hajambo?"

"Mke gani?"

"Anayepokea simu ukiwa umelala."

Bramwel akamtazama, kisha akakaa kwenye kiti cha wateja. "Ai! Huyo ni Maurine, binti wa baba mdogo. Siku mama alipokufa walininyang'anya simu, wakampa yeye. Kwetu ndivyo wanafanyanga, aliyefiwa asihangaishwe. Kila mtu alijibiwa maneno yaleyale. Mimi sikuona hata ujumbe mmoja."

Nanjala akaachilia mkasi.

"Amenirudishia juzi. Nilikaa barazani nikazisoma rambirambi zote, mia mbili na kitu. Mbingu, malaika, mishumaa. Nilishukuru, watu wametujali. Halafu nikafika kwa yako. Nanjala, nilikuwa nje na pikipiki. Sikujua mama alizunguka. Miezi yote hii nilimwona akishika kiuno kwa maumivu. Kumbe siku hiyo alicheza."

"Alicheza," Nanjala akasema, machozi yakimtoka. "Akaniuliza kama anafanana na bibi harusi."

Bramwel akacheka, kisha akalia waziwazi, na Jerotich kule kwake akajifanya anapanga viatu.

Alipotulia, Nanjala akasimama, akatoa lile gauni la rangi ya damu ya mzee. "Ni lake. Sikutaka kulitaja kwenye ujumbe."

Bramwel akapitisha kidole kwenye pindo. "Jumamosi ijayo dada za mama wanagawa nguo zake. Hili ataligombania mkubwa wao."

"Basi mpelekee."

"Siwezi. Ataniuliza nani ameshona, na yeye hapendi kuambiwa, anapenda kuonyeshwa." Akamtazama usoni. "Twende pamoja, mpenzi. Nikutambulishe."

"Kama fundi?"

"Wewe chagua. Mimi najua nitakavyosema."

Mvua ikaanza kupiga mabati kwa nguvu. Nanjala akakunja gauni polepole, akalitia kwenye mfuko wa karatasi.

"Lakini nilikuandikia usihangaike kujibu," akasema.

"Nilijaribu kukutii," Bramwel akasema. "Imenishinda."